Barua ya Kazi Isiwe ya Kijiweni, Isiwe ya Mhuri

Kila mara Halmashauri ya Wilaya ya Tarime au ya Serengeti inapotangaza nafasi za Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, vijana wengi wenye sifa huketi kuandika barua. Tangazo huwataka wawe wamehitimu kidato cha nne au cha sita, na wawe na Astashahada katika fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii. Barua yenyewe huachwa mikononi mwao, na hapo ndipo wengine hujiponza. Mmoja huandika kama anavyozungumza na wenzake kijiweni. Mwingine, akilikwepa kosa hilo, hunakili maneno makavu ya ofisini mpaka utu wake ukapotea kabisa. Barua ya kwanza haina adabu. Ya pili haina mtu ndani yake.

Jambo hili si la mapambo ya lugha. Mtendaji wa Kijiji ndiye katibu wa Halmashauri ya Kijiji. Ndiye aandikaye mihtasari, awaitaye wananchi mikutanoni, na apelekaye taarifa kwenye Kata. Katika wilaya ambazo zimepata kuona koo zikigombana kwa sababu ya ardhi na mifugo, barua ya kuwaita wazee wa pande mbili ikiandikwa kwa mzaha itachukuliwa kuwa ni dharau, na ikiandikwa kwa ukavu wa amri itachukuliwa kuwa ni kitisho. Kwa hiyo barua ya kuomba kazi hiyo ni kipande cha kwanza cha kazi yenyewe, na msomaji wake ana haki ya kuipima hivyo.

Mfano ufuatao umetungwa, lakini makosa yake ni ya kila siku. Kijana wa Serengeti anamwandikia Mkurugenzi Mtendaji, Mugumu:

“Shikamoo bosi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mi ni kijana wa miaka 26, nimesota mtaani toka nimalize Hombolo 2022. Niko na cheti na ata kompyuta nafanyaga freshi. Uku kijijini nshajitolea sana kuandika mikutano. Naomba unifikirie bosi wangu, sitakuangusha.”

Moyo wa kijana huyu ni mwema, na barua yake ina joto. Lakini joto hilo limekaa mahali pasipo pake. Amesalimu kwa sababu kwao mtu haingii ofisini kwa mkubwa bila kusalimu. Adabu hiyo ni sahihi, ila shikamoo ni salamu ya mdomo, nayo hungoja kuitikiwa. Karatasi haiwezi kungoja. Neno linalofanya kazi hiyo katika maandishi lipo tangu zamani, nalo ni “Ndugu”. “Ndugu Mkurugenzi” ni heshima na udugu kwa pamoja, na wala haimlazimu mwombaji kujikunyata. “Bosi” humfanya Mkurugenzi kuwa tajiri wa duka, na “Mheshimiwa” waachiwe mbunge, diwani na hakimu.

Sentensi ya pili ndiyo inayodhaniwa kuwa rasmi kuliko zote, na kumbe ndiyo mbovu kuliko zote. “Husika” ni kitenzi cha kuamrisha. Mwombaji anamwamuru Mkurugenzi ahusike, tena ahusike na kichwa cha habari ambacho amekwisha kukisoma. Kichwa kikiwa kimeandikwa “Yah: Maombi ya Kazi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III”, hakihitaji kurudiwa. Sentensi ya kwanza na iombe kazi.

Yanayofuata ni makosa ya usemi. “Mi”, “ata”, “uku” na “nshajitolea” ni maneno yaliyokatwa na ulimi wenye haraka. Katika karatasi yarudishiwe herufi zake: mimi, hata, huku, nimekwisha kujitolea. “Niko na cheti” ni usemi uliozoeleka ng’ambo ya mpaka, nao huvuka kila siku pale Sirari na Isebania pamoja na bidhaa na maneno ya sheng. Katika Kiswahili sanifu “niko” huonyesha mahali mtu alipo. Anayemiliki kitu husema “nina”. “Nafanyaga” imebeba kiishio cha -ga, ambacho watu wa Kanda ya Ziwa wamekileta kutoka lugha zao za nyumbani kuonyesha jambo la mazoea. Maana yake ni nzuri, lakini Kiswahili sanifu kina njia yake: “hufanya”, au “nimekuwa nikifanya”. Anayeandika Tarime aangalie pia l na r, kwani ulimi unaozichanganya huiongoza kalamu kuandika “maerezo” badala ya “maelezo”.

Limebaki neno “nimesota mtaani”. Humo mna uchungu wa kweli wa kukaa miaka bila ajira. Hata hivyo, Mkurugenzi hawezi kuajiri uchungu. Anachoweza kukipima ni kile kijana alichokifanya katika miaka hiyo, nacho kimefichwa ndani ya maneno matatu, “nshajitolea sana kuandika”. Mikutano mingapi? Iliyohusu nini? Hapo ndipo joto la barua lilipo. Barua hiyo hiyo yaweza kusomeka hivi:

“Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima naomba kazi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III iliyotangazwa na Halmashauri yako. Nina umri wa miaka 26, na nilihitimu Astashahada ya Utawala wa Serikali za Mitaa katika Chuo cha Serikali za Mitaa, Hombolo, mwaka 2022. Tangu hapo nimekuwa nikijitolea kijijini kwetu. Nimesaidia kuandika mihtasari ya mikutano 11, na nimeorodhesha mashamba ya kaya 34 yaliyoharibiwa na tembo ili taarifa ifike wilayani. Kazi hiyo imenifunza kumsikiliza mwananchi mpaka amalize, ndipo niandike. Nitashukuru nikiitwa kwenye usaili.

Wako mtiifu,”

Hakuna neno la mtaani humo, wala hakuna neno gumu. Joto limetoka katika tembo, kaya 34, na ule usikivu wa kumngoja mtu amalize. Ahadi ya “sitakuangusha” imeondolewa kwa sababu ilimlenga mtu mmoja, ilhali Mtendaji hutumikia kijiji kizima. Hesabu zenyewe, bila shaka, ziwe za kweli; zitaulizwa siku ya usaili.

Walimu wa Kiswahili wa Mara wanayo nafasi ya kulirekebisha jambo hili mapema. Tangu mwaka 1967, Serikali ilipoelekeza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, barua rasmi imefundishwa kwa sura yake: anwani mbili, tarehe, kichwa na sahihi. Sura hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Mwanafunzi apewe majaribio mawili. Kwanza, aisome barua yake kwa sauti mbele ya mzee asiyekwenda vijiweni. Neno litakalomfanya mzee aulize maana libadilishwe. Pili, afunike jina lake na aulize kama sentensi hiyo ingeweza kukaa katika barua ya mwombaji mwingine yeyote. Ikiwa ingeweza, bado hajaandika lolote juu yake mwenyewe.

Lugha ya kijiweni haina kosa ikibaki kijiweni, wala kiishio cha -ga si aibu kikibaki nyumbani. Anayeomba kuwa katibu wa kijiji, hata hivyo, anaomba kukabidhiwa maneno ya watu wote, wa Sirari na wa Mugumu, wazee na vijana. Barua yake ndiyo iseme kama maneno hayo yatakuwa salama mikononi mwake.