Vitanda ambavyo havijakamilika navyo vihesabiwe

Hesabu ya gharama za karakana ya vitanda isiruke vitanda vilivyobaki nusu. Tuseme mbao zilizotumika kwa mwezi mmoja ni shilingi 2,000,000 na ujira wa mafundi 900,000. Gharama za msingi ni 2,900,000. Ongeza gharama za kiwandani 600,000, yaani umeme, pango, uchakavu wa mashine na mshahara wa msimamizi, upate 3,500,000. Sasa, kazi ambazo hazijakamilika zilikuwa za 200,000 mwanzoni na 500,000 mwishoni. Jumlisha za mwanzo, toa za mwisho: gharama ya uzalishaji ni 3,200,000. Kwa vitanda 20 vilivyokamilika, kimoja kimegharimu 160,000, si 175,000 ambayo ungepata kwa kugawa ile 3,500,000. Na nauli ya kumpelekea mteja kitanda haiingii humu kabisa. Hiyo ni gharama ya mauzo.