Risala ya mstaafu isiwe ya kila mtu

Na Athumani Kalyalya

Mwalimu wa shule ya umma Tanzania hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na akipenda anaweza kuondoka kwa hiari tangu akiwa na 55. Siku hiyo ikifika, iwe Majengo hapa Mpanda au kwingineko, sherehe huenda kwa utaratibu ule ule. Meza kuu inapambwa, mshereheshaji anasawazisha itifaki, mabati na mifuko ya saruji inapangwa mbele, kisha mwalimu kijana aliyepewa kazi jana yake jioni anasimama kusoma risala. Ndani ya dakika chache tutakuwa tumesikia kwamba mstaafu alikuwa na subira, kwamba alikuwa kiongozi na mlezi, na kwamba ni nuru iliyotuangazia sote. Watu wanapiga makofi, mstaafu anafuta machozi, na karatasi inakunjwa. Chukua karatasi hiyo, futa jina, andika la mwalimu mwingine wa Inyonga au Karema, na hakuna mstari utakaohitaji kubadilishwa. Hapo ndipo penye kasoro. Maneno yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tunayatumia bila kuyabebesha kitu, na neno tupu la sifa, likirudiwa vya kutosha, humficha mtu anayesifiwa na humficha pia anayedaiwa.

Tuanze na subira. Tunaposema mwalimu alikuwa na subira, msikilizaji mwenye akili timamu atauliza: alisubiri nini, na nani alimsubirisha? Mwalimu anayestaafu mwaka huu kwa kutimiza miaka 60 alianza kazi miaka ya themanini mwishoni au tisini mwanzoni. Wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa, na jambo la ngazi ya mkoa lilimalizikia Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ya vumbi inayokatiza hifadhi ya Katavi. Katavi ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Katikati ya hapo kuna mambo ambayo kila mwalimu wa umri huo anayajua: malimbikizo ya mishahara, fedha za likizo na za uhamisho zisizofika kwa wakati, kupanda daraja kunakocheleweshwa. Kuna pia ada ya shule ya msingi kufutwa kuanzia mwaka wa masomo 2002 chini ya MMEM, na elimu bila malipo kuanzia Januari 2016. Mara zote mbili watoto walimiminika kuliko madawati na walimu waliokuwapo, ilhali kiwango kinachokubalika ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Risala inayosema "alikuwa na subira" inayameza yote haya kwa neno moja na kuyageuza kuwa tabia njema ya mtu binafsi. Risala inayosema "Januari 2016 alipokea darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko alivyozoea, akaligawa mikondo miwili, mmoja asubuhi na mwingine mchana, kwa mshahara ule ule" inamsifu zaidi, tena bila kuongeza chumvi. Na mgeni rasmi, awe afisa elimu au diwani, anasikia kilichotokea.

Kwenye mwongozo ndipo pana utajiri ambao risala zetu hazijaugusa kabisa. Tunasema "alituongoza vyema" kana kwamba kuongoza ni kunyoosha kidole kuelekea barabara iliyo wazi. Lakini kizazi hiki cha walimu kimefundisha huku barabara yenyewe ikihamishwa. Mtaala wa shule za msingi ulibadilishwa 1997, ukabadilishwa tena 2005 kuelekea ujenzi wa umahiri, mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili yakapewa mtaala wake wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na 2023 ukaja mwingine. Kila mara kilikuja kiongozi cha mwalimu kipya, na mara nyingine mtaala ulikuja kwanza na kitabu kikafuata baadaye. Tutazame KKK peke yake. Mwalimu aliyekuwa amefundisha kusoma kwa miaka ishirini na zaidi kwa silabi, darasa zima likiimba ba be bi bo bu, aliambiwa sasa aanze na sauti ya herufi: mtoto ajue kwanza kwamba herufi m inatoa mdomoni sauti ya midomo iliyofungwa, kisha aiunganishe na a. Kwa asiye mwalimu hilo ni jambo dogo. Kwa aliye darasani ni kuvunja mazoea ya mikono, ya sauti na ya ubao.

Ongeza hapo watoto wenyewe. Mpanda ni mji uliopokea watu. Kuna Wabende, Wakonongo, Wapimbwe na Wafipa, kuna familia za Wasukuma zilizohamia na mifugo, na jirani kabisa kuna Katumba, iliyoanzishwa kama makazi ya wakimbizi wa Burundi miaka ya sabini, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Mtoto anaweza kufika darasa la kwanza akiwa na Kisukuma au Kirundi chake kizuri, lakini Kiswahili ni cha kuokoteza sokoni. Kumfundisha mtoto huyo asome neno ambalo hajawahi kulisikia ni kazi mbili kwa wakati mmoja. Je, huyu tunayemuaga alifanyaje? Alimketisha karibu na mwenzake anayejua lugha zote mbili? Alichora picha kwanza kabla ya kuandika neno? Alichelewesha kitabu mpaka watoto waweze kusimulia? Jibu lolote kati ya hayo, likitajwa kwa sentensi moja, lina thamani kuliko kurasa mbili za "mlezi wa vizazi." Zaidi ya hapo, mwalimu kijana anayesoma risala, ambaye Jumatatu ataingia darasa hilo hilo, ataondoka na kitu cha kufanyia kazi.

Nuru ndiyo neno ninaloliogopa zaidi, hasa linapokuja na rafiki yake, mshumaa. Karibu kila risala ina sentensi inayosema mwalimu ni mshumaa unaojimaliza ili wengine waone. Inapendeza masikioni, lakini ikitamkwa siku ya kustaafu inatisha. Tunamwambia mtu, mbele ya watoto wake, kwamba kuisha kwake ndiyo sifa yake. Tena tunamwambia wiki ambayo anahangaikia mafao. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka malipo ya mkupuo yashuke hadi asilimia 25, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ya mwaka huo huo. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na 2024 serikali ikatangaza asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa 50. Katika safari yote hiyo walimu walikuwa mstari wa mbele kulalamika, na sababu yao ilikuwa nyepesi kueleweka: nyumba ya uzeeni hujengwa kwa mkupuo. Jamii iliyojizoesha kumwita mwalimu mshumaa inapata shida kuelewa kwa nini mshumaa unauliza kikokotoo.

Kuna tatizo jingine upande wa nuru, nalo ni la ukweli. Tafiti za Uwezo tangu 2010 zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu nchini hawakuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kama kila mstaafu alikuwa nuru, giza hilo lilitoka wapi? Ukweli ni kwamba walimu hawalingani, kama mafundi na madaktari wasivyolingana, na wapo walioweza kuwasomesha watoto katika mazingira yale yale yaliyowashinda wenzao. Tunapomwaga sifa ya nuru kwa kila anayeondoka, tunamdhulumu yule aliyeangaza kweli, kwa sababu hatubakiwi na neno la kumtofautisha. Kwa huyo aliyeangaza kweli tuseme kilichoonekana: darasa lake la pili lilimaliza mwaka likiwa na wasiosoma wangapi, ikilinganishwa na lilipoanza.

Nitajibiwa kwamba sherehe si baraza la madai, na kwamba mstaafu mwenyewe hataki malalamiko siku yake. Nakubali nusu. Risala ikigeuka hati ya mashtaka itamharibia mwenyewe siku, na mgeni rasmi atajibu kwa hotuba ya kujitetea. Ila kutaja kwamba mtu alifundisha mikondo miwili si kulalamika, ni kueleza kazi yake. Tofauti iko kwenye kiima cha sentensi: anza na mstaafu na alichofanya, usianze na halmashauri na isichofanya. Wengine watasema Kiswahili ni lugha ya fahari, na kwamba kumuaga mkubwa kwa maneno makavu ni utovu wa adabu. Hoja hiyo haisimami. Majigambo ya jadi ya makabila yetu yalijaa majina ya mapigano, ya mito iliyovukwa na ya wanyama waliouawa. Aliyesifiwa bila tendo alionekana anavikwa kilemba cha ukoka. Ufukara wa risala zetu umezaliwa karibuni, katika kunakiliana nakala kwenye simu.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la muda na kumbukumbu. Mwandishi wa risala ana vipindi, ana daftari za kusahihisha, na jalada la mwalimu liko kwa afisa utumishi, si shuleni. Ni kweli. Lakini shule yenyewe ina vyanzo ambavyo hakuna anayevifungua: kitabu cha kumbukumbu za shule, rejista za mahudhurio, maazimio ya kazi ya miaka iliyopita kama mchwa hawajayafikia. Rejista ya Januari na ile ya Novemba ya darasa moja zinatosha kuonyesha mwalimu alibaki na watoto wangapi msimu wa mashamba ulipowavuta. Penye karatasi zilizopotea, kuna watu. Mwenzake wa chumba cha jirani anakumbuka alivyofundisha, mzazi wa Majengo anakumbuka aliyemfuata mtoto nyumbani. Na mstaafu mwenyewe yupo. Kumuuliza maswali matatu hakuharibu sherehe: ulingoja nini kwa muda mrefu kuliko vyote, ulibadilisha nini katika kufundisha kwako, na ni mtoto wa namna gani ulimweza wakati wengine walishindwa? Majibu hayo ndiyo subira, mwongozo na nuru yake, na yatatosha ukurasa mmoja na nusu. Asipotaka jambo fulani lisemwe hadharani, lisisemwe.

Kinachobaki ni suala la tarehe, na hapo wakuu wa shule hawana pa kujitetea. Kustaafu kwa lazima hakumshtukizi mtu. Siku ya kuzaliwa ya mwalimu imo kwenye kumbukumbu za ajira tangu siku aliporipoti, na afisa utumishi anajua leo akina nani wataondoka mwakani. Mpeni mwandishi wa risala jina hilo miezi mitatu kabla, mruhusuni afungue rejista, na baada ya sherehe nakala moja apewe mstaafu, nyingine ibaki kwenye jalada la shule.