Usifute mng'ao kwenye skrini, hata kama mwenye duka anataka

Wacha nianze na kosa langu, ndio usidhani nakuhubiria.

Kuna duka moja hapa tao, upande wa Luthuli, nilikuwa nawapigia picha za TV za mtumba. Kazi ilikuwa simple hivi: piga picha, toa chochote kilicho kwenye skrini, weka picha ya simba wa Maasai Mara, tuma. Siku moja nikaletewa TV ya inchi 43. Ukiiwasha, kulikuwa na mstari mwembamba wa zambarau upande wa kulia, kutoka juu hadi chini. Nikauliza, nikaambiwa, "Kijana wangu, wewe weka simba." Nikaweka simba. Mstari ukaisha. Kwenye picha.

Mama mmoja wa Kawangware aliiona kwa simu, akatuma 16,000 kwa M-Pesa, TV ikapelekwa kwake na boda. Kesho yake nikiwa dukani akaingia na mtoto wake wameibeba wawili, wameshuka nayo kwa mathree ya 46. Hakupiga kelele. Alinionyesha picha kwa simu yake akaniuliza, "Hii ni wewe ulitengeneza?" Nikasema ndio, mama. Akasema, "Umeitengeneza vizuri. Ungetengeneza na TV."

Alirudishiwa pesa yake, lakini hayo maneno sijayasahau. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: kubadilisha picha ya skrini si dhambi, lakini kuna vitu viwili huruhusiwi kufuta. Cha kwanza ni mng'ao ulio juu ya kioo. Cha pili ni ugonjwa ulio ndani ya paneli.

Kwanza, mbona watu hubadilisha skrini hata kidogo? Kwa sababu kamera na skrini hazielewani. Skrini ni gridi ya nukta ndogo, na sensa ya kamera pia ni gridi. Ukizilaza moja juu ya nyingine unapata mawimbi ya rangi kama ya pazia la neti lililokunjwa mara mbili. Shata ikiwa ya haraka sana, unapata pia mikanda myeusi, kwa sababu mwanga wa TV nyingi unawaka na kuzima haraka kuliko macho yako yanavyoona. Kwa hivyo hata TV nzima kabisa inaweza kuonekana mbovu kwenye picha. Kuweka picha safi hapo ni kurudisha kile jicho lingeona. Hadi hapo niko sawa na mwenye duka.

Shida inaanza na vile wengi wetu tunafanya. Tunachukua picha ya simba, tunaibandika juu, tunavuta kona, tumemaliza. Inakaa stika. Kila mtu anajua ni stika hata kama hawezi kukuambia kwa nini. Sababu ni kwamba umefuta mng'ao. Taa za dari, mlango wa duka, shati lako jeupe, vyote vilikuwa vinaonekana kidogo kwenye kioo, na sasa vimekatika ghafla pale fremu inapoanza.

Hivi ndivyo nafanya siku hizi. Naweka simu au kamera kwa stendi, nafunga mwangaza na fokasi visibadilike, halafu napiga picha mbili bila kusogeza chochote: moja TV ikiwa imewashwa, moja ikiwa imezimwa. Hiyo iliyozimwa ndiyo dhahabu. Skrini ikiwa nyeusi, kila kitu unachoona pale ni mng'ao peke yake. Umeupata bila kuuchora.

Kisha nafungua Photopea kwa brauza, haina haja ya kompyuta kali. Picha ya TV iliyozimwa inakaa chini. Juu yake naweka picha mpya ya skrini, ikiwa na vipimo vya TV yenyewe, kwa hiyo ya inchi 43 ni 1920 kwa 1080. Naigeuza kuwa `Smart Object` ndio nikiivuta mara kumi isipoteze makali. Halafu `Free Transform`, nashikilia Ctrl, navuta kila kona peke yake hadi ikae kwenye kona ya skrini. Kona nne, si kuinamisha tu. Ukiinamisha peke yake, upande wa mbali unabaki na urefu sawa na upande wa karibu, na macho yanakataa. Kwa simu kuna mtego mwingine: kona zake ni za mviringo. Usiivute picha hadi pale mviringo unapoanza. Fikiria kingo zilizonyooka zikiendelea hadi zikutane hewani, weka kona hapo, kisha ukate mviringo kwa maski.

Sasa mng'ao. Nakopi ile picha ya TV iliyozimwa, nabakisha sehemu ya skrini tu, naiweka juu kabisa, na kwenye orodha ya kuchanganya leya nachagua `Screen`. Basi. Jina linachanganya, halihusiani na skrini ya TV. Ni hesabu ya kuongeza mwanga juu ya mwanga, na ndivyo kioo halisi kinavyofanya. Mwanga wa TV unatoka ndani, mng'ao unatoka nje, vyote viwili vinaingia kwa jicho pamoja. Hesabu yenyewe ni hii:

```
255 - (255 - a) * (255 - b) / 255
```

Chukua mfano. Manyoya ya simba yana mwangaza wa 120, na taa ya dari inaakisiwa hapo kwa 90. Jibu ni kama 168: simba bado unamwona, lakini amepauka kidogo. Pale taa imechoma hadi 255, jibu ni 255, humwoni simba kabisa, na hata dukani hungemwona. Na pale kivuli cha simba ni 0, lakini kioo kilichozimwa kinasoma 24 kwa sababu duka lina mwanga, unapata 24. Hiyo 24 usiiguse. Wengi huishusha hadi 0 wakidhani wanaongeza utamu, halafu weusi wa skrini unakuwa mweusi kuliko plastiki nyeusi ya fremu iliyo kando yake, ndani ya duka lenye taa. Hapo ndipo utajua picha imepikwa.

Jambo la mwisho ni nguvu ya mwanga. Ndani ya duka, skrini iliyowashwa kwa kawaida inang'aa kuliko karatasi nyeupe ya bei iliyo kando yake, kwa hivyo picha yako inaweza kuwa kali. Lakini ukipiga simu nje saa sita mchana, jua la Nairobi likiwa karibu utosini, mambo yanageuka. Karatasi nyeupe kwenye jua kali inarudisha zaidi ya niti 20,000. Hata simu nzuri haifiki hapo. Kwa hivyo ile picha ya simu juani na skrini inawaka kama taa ya disko ni uongo, hata kama umepanga kona vizuri. Punguza mwangaza wa picha yako, acha mng'ao wa anga uifunike kidogo. Au piga kivulini, rahisi zaidi.

Ukitaka kujua mng'ao unavyoweza kukuumbua, uliza Nokia. Septemba 2012 walitoa video ya kusifia kamera ya Lumia 920, msichana akiendesha baiskeli, picha imetulia vizuri kama vile imepigwa na hiyo simu. Watu wakaangalia dirisha ambalo baiskeli inapita, na kwenye kioo wakaona gari na mtu amesimama na kamera kubwa. Nokia ikaomba radhi. Kampuni nzima, na pesa yote hiyo, ikasahau kwamba kioo kinaona kila kitu.

Sasa turudi kwa yule mama, kwa sababu hapa ndipo nakosana na marafiki zangu. Wanasema, "Lakini wewe si ulirudisha mng'ao? Basi picha ni ya kweli." Hapana. Angalia vizuri. Picha ya skrini iliyozimwa inaonyesha magonjwa ya kioo: nyufa, mikwaruzo, alama za vidole. Kwa hivyo ukirudisha mng'ao, hayo yote yanarudi nayo, na hilo ni jema. Lakini mstari wa zambarau, nukta zilizokufa, kivuli cha nembo ya chaneli iliyojichoma kwenye paneli, hivyo vyote vinaonekana skrini ikiwa imewashwa tu. Ukiweka simba, umevizika. Kadiri unavyoijua kazi, ndivyo unavyovizika vizuri zaidi. Mimi nilikuwa naijua kazi.

Kwa hivyo sheria yangu ni hii. Kitu kipya, bado kiko kwa boksi, na umekiwasha ukaona kiko sawa: badilisha skrini, tumia kile ambacho hicho kifaa kinaweza kuonyesha kweli, hakuna shida. Kitu cha mtumba: kila picha iliyoeditiwa inaandamana na nyingine ambayo haijaguswa. TV imewashwa, picha nyeupe tupu imejaa skrini, mwangaza hadi mwisho. Nukta zilizokufa na madoa yatajitokeza hapo. Kisha ya kijivu, kwa sababu vivuli vya nembo vinajificha kwenye nyeupe. Inachukua dakika mbili. Kama mawimbi ya kamera yanasumbua, soma lenzi kidogo kando ya fokasi au sogea nyuma; mstari wa kweli utabaki, mawimbi yatabadilika.

Mwenye duka atasema unamfukuzia wateja. Mwambie kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na inakataza kusema bidhaa ina ubora ambao haina. Picha pia inasema. Mimi niliwaambia hivyo, wakatafuta msee mwingine wa picha. Nilikosa hiyo chapaa, na ilinibana hadi mwisho wa mwezi.

Na wewe unayenunua, kabla hujatuma pesa, zoom kwenye ukingo wa skrini. Tafuta mng'ao unaopita kutoka kwa fremu kuingia kwenye kioo. Kama unakatika pale pale kwenye mstari, hiyo skrini imebandikwa. Haimaanishi TV ni mbovu. Inamaanisha bado hujaiona. Omba picha ya nyeupe. Akikuzungusha, panda 46 ukaione mwenyewe kabla hujalipa, isije ikawa wewe ndiye unairudisha mkibeba wawili.