Baada ya Kumfokea Mtoto

Jumapili moja, dakika chache kabla ya kutoka kwenda Misa ya kwanza, mtoto wetu wa miaka mitatu alimwaga kikombe cha uji kwenye shati jeupe la kaka yake. Tulikuwa tumemwambia mara mbili akae kitako. Tukafoka wote wawili, baba akamvuta mkono, naye akajificha chini ya meza na kunyamaza. Kanisani tuliimba Utukufu huku yeye akiangalia viatu vyake tu.

Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mzazi hamwombi mtoto msamaha, maana atampanda kichwani. Basi tukishafoka, tunasubiri asahau, au tunamnunulia pipi. Hatukubaliani tena na mazoea hayo. Mtoto mdogo hudhani yeye ndiye chanzo cha yote yanayotokea nyumbani. Asipoelezwa, atajieleza mwenyewe: mimi ni mbaya. Pipi haimwondolei wazo hilo.

Tuliporudi nyumbani, baba alichuchumaa hadi macho yao yakalingana. Akasema, "Asubuhi uji ulimwagika. Baba akapiga kelele na kukuvuta mkono. Ukaogopa. Kupiga kelele lilikuwa kosa la baba. Samahani, mwanangu." Akatulia kidogo, kisha akaongeza, "Uji tunakunywa tukiwa tumekaa." Wakachukua kitambaa, wakafuta pamoja uji uliokuwa umekaukia kwenye mguu wa kiti.

Maneno yalikuwa machache kwa sababu mtoto wa umri huo hafuati hotuba. Alikumbushwa kilichotokea, kwani saa mbili ni nyingi kwake. Ingefaa tufanye hivyo kabla ya kutoka, ila tulikuwa bado tunachemka, na anayechemka akiomba msamaha huishia kufoka tena. Tena sheria ya uji haikufutwa. Msamaha uliombwa kwa ajili ya kelele na ule mkono. Hapo ndipo hofu ya kupandwa kichwani inapokosa msingi.

Mama naye alikosea kwa namna yake. Alimkumbatia akaanza kulia, akirudia kwamba yeye ni mama mbaya, hata mtoto akawa anamfuta machozi. Mtoto aliyehitaji kufarijiwa akageuka mfariji. Kosa jingine ni lile neno "lakini": samahani, lakini na wewe umezidi. Hapo samahani imekwisha kufutwa. Wala tusimdai mtoto aseme amesamehe. Akirudi kucheza karibu nasi, ametulia. Akiendelea kutufuata akiuliza, "Umekasirika?", bado anahitaji kukaa nasi.

Mwanasaikolojia Edward Tronick, aliyechunguza akina mama na watoto wachanga tangu miaka ya 1970, alionyesha kwamba hata pale penye upendo, mama na mtoto hupishana mara nyingi sana, kisha hukutana tena. Daktari wa watoto Mwingereza, Donald Winnicott, naye alisema mtoto anahitaji mama anayetosha, si mama asiye na dosari. Hayo yalitupunguzia mzigo kuliko kuambiwa tu "usijali".

Maana hatia ina sura mbili. Moja husema, "Nimefanya vibaya," na kutupeleka kwa mtoto. Nyingine husema, "Mimi ni mzazi mbaya," na kutufanya tumkwepe, au tumwachie kila kitu siku nzima mpaka jioni tulipuke tena. Mafrateri watakaoketi siku moja kwenye kiti cha kitubio watakutana na hii ya pili mara nyingi. Mama aliyelala saa nne usiku wote akafoka alfajiri hana hiari ileile ya mtu aliyepanga kuumiza, na Katekisimu inajua tofauti hiyo. Tungependa asikaripiwe, wala asiambiwe ni jambo dogo. Aulizwe kama amerudi kwa mtoto, na kama kuna mtu wa kumpokea kazi ili apumzike.

Kuna mahali samahani haitoshi. Kama mkono unapiga, kama kufoka ni kwa kila siku, au mtoto anashtuka akisikia hatua zetu, kuomba msamaha kila jioni kunamchanganya tu. Ukihisi unaweza kumdhuru, mweke mahali salama, toka nje, mwite mwenzako au jirani. Na mama aliyejifungua karibuni, huzuni au hasira yake ikizidi wiki mbili, aende kliniki. Huo unaweza kuwa ugonjwa, na unatibika.

Jumapili iliyofuata tuliamka nusu saa mapema, na shati jeupe likavaliwa baada ya uji. Hata hivyo kikombe kilimwagika. Yeye mwenyewe akaenda kuchukua kitambaa.