"Mahali Salama" Ni Wapi? Mtafsiri, Uliza Kwanza Karatasi Ni ya Nani

Kuna swali wanaotafsiri hupenda kuulizana: wewe hutafsiri neno kwa neno ama hutafsiri kwa uhuru? Mimi naona hilo swali limekuja mapema mno. Huwezi kulijibu kabla hujajua karatasi iliyo mbele yako iliandikwa ifanye kazi gani, itasomwa na nani, na ni karatasi ya aina gani. Na nisiongee hewani. Nachukua kitu ambacho sisi watu wa Kitui na Makueni tunakijua vizuri sana, tena kwa uchungu: sumu ya mahindi.

Mwaka wa 2004 aflatoksini, ile sumu inayoletwa na kuvu, iliingia kwa sufuria zetu. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Tangu hapo kumekuwa na vijikaratasi, mabango na matangazo ya kufundisha watu namna ya kukausha na kuweka mahindi, na mengi ya hayo huanza kwa Kiingereza halafu mtu anaambiwa, "hebu nitolee hii kwa Kiswahili kufikia kesho."

Sasa tuseme umepewa kijikaratasi kama hicho. Kuna sentensi ya Kiingereza ambayo ukiitoa sisisi inasema hivi: "Baada ya kukaushwa, mahindi yanafaa kuhifadhiwa mahali salama." Haina kosa. Mwalimu wa sarufi ataipigia tiki.

Lakini msomee mama mmoja wa kijijini wakati wa ukame, kisha umuulize salama ni wapi. Atakuambia ndani ya nyumba, tena chumba anacholala. Kwa sababu mwaka wa njaa, hatari ya kwanza ya mahindi ni mwizi. Na hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu waliochunguza vifo vya 2004 walikuta kwamba waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko majirani zao wa kuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Yaani sentensi iliyotafsiriwa "kwa uaminifu" inamwelekeza msomaji kwenye kile kile ambacho karatasi iliandikwa kukizuia.

Aliyeandika Kiingereza alimaanisha salama dhidi ya unyevu. Kwa hivyo hapa uko huru, na si huru tu, unapaswa kuiacha sentensi yake na kuandika: "Mahindi yakikauka vizuri, yaweke ghalani, mahali pakavu panapopita hewa, juu ya vichanja. Usiyaweke sakafuni. Usiyaingize ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu." Sentensi moja imekuwa tatu. Maneno ya kukataza yameingia ambayo hayakuwako. "Yanafaa kuhifadhiwa", ambayo haisemi nani ahifadhi, imekuwa amri kwa mtu. Uhuru huo wote umetoka kwa kusudi la karatasi, wala si kwa sababu mtafsiri anajiskia mwandishi.

Mwaka wa 1971, mtaalamu mmoja Mjerumani, Katharina Reiss, aligawa matini kulingana na kazi yake: kuna zinazotoa habari, kuna za kisanaa ambazo namna ya kusema ndiyo mali yenyewe, na kuna zinazomsukuma msomaji afanye kitu. Ugawaji huu unasaidia, ila una mtego wake. Kijikaratasi chetu kinajifanya ni cha habari. Kina asilimia, kina majina ya kuvu, kina picha ya hindi lililokatwa katikati. Ukikiangalia sura utasema hiki ni cha habari, nikae karibu na maneno. Ukiuliza kilichapishwa kwa nini, utaona kila mstari uko pale ili mtu abadilishe anachofanya jioni hii. Ni cha kusukuma.

Sasa weka kando kijikaratasi, uchukue karatasi nyingine yenye mahindi yale yale: kiwango rasmi cha ubora wa mahindi ambacho nchi za Afrika Mashariki zinatumia. Humo unyevu usizidi asilimia 13.5, na aflatoksini yote isizidi sehemu 10 katika kila bilioni. Anayesoma ni mkaguzi, mnunuzi, labda wakili. Gunia likikataliwa, watu watabishana juu ya neno moja. Hapo manze usiguse kitu. Viwango vya Kiingereza vina neno moja la kulazimisha na lingine la kupendekeza tu, na ukiyaweka yote mawili "inafaa," umemfungulia mtu mlango wa mahakama. La kwanza liwe "sharti" kila linapotokea, hata kama linachosha masikio. Hapo kurudiarudia si ubaya wa mtindo.

Mtu atasema basi ni rahisi, cha mkulima legeza, cha sheria kaza. Hapana. Hata ndani ya kijikaratasi kimoja kuna sehemu zinazolegea na sehemu zilizopigiliwa msumari. Chukua ile asilimia 13.5. Mkulima wa Mutomo hana kipima unyevu. Kwa hivyo mtafsiri mwenye roho nzuri anaitoa namba na kuweka mbinu ya chupa: chukua chupa kavu ya glasi, tia chumvi kavu na punje chache za mahindi, tikisa vizuri, kisha uache kidogo. Chumvi ikishika kwenye glasi, mahindi bado.

Ni mbinu nzuri na inafanya kazi. Ila inapima kitu kingine. Chumvi isiposhika, umejua unyevu uko chini ya kama asilimia 15 tu. Kati ya 15 na 13.5 chupa imenyamaza. Mtafsiri amehamisha mpaka bila kujua, na mkulima anafunga gunia akidhani amefika.

Hapo tofauti ni ya kushika sana. Ukibadilisha mpangilio, mfano, sauti au urefu wa sentensi, hiyo ni kazi yako. Ukibadilisha kipimo au kitendo, umeacha kutafsiri na umeanza kutoa ushauri wa kilimo, na ushauri una wenyewe. Iache 13.5 ibaki, andika chupa kando yake kama pendekezo, na umwandikie aliyekutuma: "Hii imeongezwa na mimi, inaonyesha takriban 15, afisa wa kilimo athibitishe, na kama inabaki tuongeze siku za kuanika baada ya chumvi kuacha kushika." Wengi hawaandiki barua hiyo kwa sababu wanalipwa kwa hesabu ya maneno, na barua hailipwi.

Kitu cha mwisho, na hiki hakihitaji digrii. Ukimaliza, msomee mtu mmoja wa wale ambao karatasi ni yao. Kama ni mzee kwenye baraza la chifu, msomee kwa sauti, kwa sababu huko karatasi husomwa na mmoja na kusikizwa na arobaini. Usimuulize kama ameelewa. Kwa heshima atakuambia ndiyo. Muulize, "Sasa mahindi utayaweka wapi?" Muulize na hili: "Na yakiwa na ukungu kidogo, utafanyaje?" Akikujibu kwamba atayaosha na kuyachemsha sana, basi ule mstari wako wa "kupika hakupunguzi madhara" umepita kando ya sikio. Kupika hakuiui hiyo sumu, na mahindi yanaweza kuwa nayo hata kama ukungu hauonekani. Rudi uandike: "Hata ukichemsha kutwa nzima, sumu inabaki." Kiingereza hakina "kutwa nzima." Weka tu.