Barua ya Mkaguzi na Amana ya Wadhamini

Mdhamini anayetia saini waraka asioufahamu ameibeba amana akiwa amefumba macho. Barua ya mkaguzi wa hesabu kwa uongozi, hata ikiwa na kurasa 30 za Kiingereza, yaweza kufupishwa katika ukurasa mmoja wa Kiswahili, mradi ufupisho usigeuke kuwa kificho.

Tuchukue mfano wa shule ya jumuiya. Kwa kawaida kila hoja ya mkaguzi ina sehemu nne: alichokiona, athari yake, ushauri wake na jibu la uongozi. Mfupishaji azihifadhi zote: "Shilingi 4,200,000 za zaka zimelipa mishahara. Haki ya masikini imeguswa. Mkaguzi ashauri fedha zirejeshwe na zaka iwe na akaunti yake. Uongozi umekubali, bila kutaja tarehe. Tazama ukurasa wa 12. Hoja hii ilikuwepo mwaka jana pia." Chini yake liandikwe swali la kuamuliwa na bodi: nani arejeshe, na lini?

Hoja tatu au nne zenye uzito zatosha. Zilizobaki zitajwe idadi yake.

Mhasibu anayehojiwa asiwe mfasiri pekee, kwani "udhaifu mkubwa" ukiandikwa "kasoro ndogo", bodi imepotoshwa. Wala hati safi isiwalaze wadhamini. Hati hiyo yahusu hesabu kwa ujumla wake. Barua ndiyo ionyeshayo nyufa ambamo mali hupenya.