Alama Peke Yake Haimfundishi Mtoto

Katika buletini za sekondari zetu, kuanzia Baraka hadi vijiji vya rasi ya Ubwari, muhula una vipindi viwili na mtihani. Somo lenye alama 10 kwa kila kipindi hupewa 20 za mtihani. Wengi huamini kwamba alama za vipindi ndizo tathmini inayomjenga mwanafunzi, na mtihani ndio unaompima. Sivyo. Jaribio likisahihishwa, alama ikaandikwa, na somo likasonga mbele kama kawaida, hilo ni mtihani wa mwisho uliofupishwa tu. Michael Scriven, aliyezitenganisha tathmini hizi mbili mwaka 1967, aliangalia kazi ya tathmini, si tarehe yake. Tathmini hujenga pale tu majibu ya leo yanapobadili somo la kesho.

Chukua darasa la saba. Lengo ni mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na swali ni 1/2 + 1/3. Mmoja anaandika 2/5: amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, wala haoni kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Mwingine anaandika 2/6: asili ya pamoja ameipata, ila viasi kaviacha kama vilivyokuwa. Katika daftari la alama wote wana sifuri, lakini kosa lao si moja. Wa kwanza apewe vipande viwili vya karatasi vilivyo sawa, akunje kimoja katika sehemu mbili sawa na kingine katika sehemu tatu sawa, aone kwamba sehemu hizo hazilingani. Wa pili ana haja ya kukumbushwa tu kwamba asili ikizidishwa kwa 3, kiasi nacho kizidishwe kwa 3. Na ikiwa darasa lilinakili kanuni ubaoni, kisha mtihani ukauliza “sehemu ni nini?”, hata aliyepata zote hajaonyesha kwamba anajua kujumlisha. Kitenzi cha lengo, cha kazi ya darasani na cha swali lazima kiwe kimoja.

Nitaambiwa kwamba madarasa yamefurika. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema swali moja, si kumi: kila mtoto aandike njia na jibu kwenye kipande cha karatasi, mwalimu ayapange majibu katika mafungu matatu, asiandike alama yoyote. Fungu kubwa litamwambia aanzie wapi kesho. Wengine watasema Egzeta ina maswali ya kuchagua, kwa hiyo tuwazoeze hayo. Tuwazoeze, lakini 2/5 na 2/6 ziwemo kati ya majibu, ili hata chaguo baya litueleze kosa. Tukumbuke kwamba chaguo laweza kubahatishwa, ilhali njia iliyoandikwa haifichi kitu. Mtihani wa mwisho ubaki, kwani cheti lazima kiwe na msingi.

Basi, walimu wa Fizi, kabla hamjafunga daftari la kipindi hiki, someni tena majibu yaliyokosewa, na somo la kesho lianzie hapo.